Kulipia matangazo ya Facebook na Instagram kwa kadi ya shilingi: ada za benki, kiwango cha kutozwa na risiti ya kodi

Mwongozo huu ni wa mfanyabiashara wa Kenya mwenye kadi ya kawaida ya Visa au Mastercard iliyounganishwa na akaunti yake ya shilingi, ambaye anataka kulipia matangazo ya Meta huku akijua kila shilingi imekwenda wapi. Ninatunza vitabu vya biashara ndogo, na malalamiko ninayoyasikia mara nyingi ni kwamba fedha zilizokatwa benki hazilingani na gharama inayoonekana kwenye ukurasa wa matangazo. Kwa kawaida hakuna aliyeibiwa. Kati ya gharama ya tangazo na makato ya benki huwa mmeingia mambo mawili, yaani kodi na ubadilishaji wa fedha, na yote mawili yanaweza kupimwa.

Hatua ya 1: Chagua sarafu ya akaunti kabla ya kuweka kadi

Akaunti ya matangazo inapofunguliwa, Meta huuliza nchi, saa za eneo na sarafu. Shilingi ya Kenya imo katika orodha hiyo na huonekana kama `KES`, lakini watu wengi huacha dola, ama kwa sababu ndiyo waliyoikuta imechaguliwa au kwa kudhani kwamba dola inawafanya waonekane wakubwa. Kwa mwenye kadi ya shilingi, dola haimletei faida yoyote. Ikiwa akaunti ni ya dola, kila malipo yatabadilishwa kuwa shilingi kwa bei ya mtandao wa kadi pamoja na nyongeza ya benki yako, na nyongeza hiyo ndiyo inayouma.

Kwa mwenye akaunti ya dola tayari, mabadiliko yanawezekana, ila si jambo la kubonyeza na kusahau. Kubadilisha sarafu hufunga akaunti ya zamani ya matangazo na kufungua mpya. Deni la zamani hulipwa kwanza, matangazo yaliyokuwa yakiendelea husimama, na historia ya malipo hubaki kwenye akaunti iliyofungwa. Kwa hiyo ni busara kulifanya mwishoni mwa mwezi, baada ya kupakua risiti zote, na kamwe si katikati ya msimu wa mauzo.

Zingatia pia kwamba kuchagua `KES` hakuondoi ada zote. Anayekutoza ni Meta Platforms Ireland Limited, kampuni iliyo nje ya nchi, na baadhi ya benki hutoza ada ya muamala wa kimataifa hata pale ambapo kiasi kimeandikwa kwa shilingi, kwa sababu mlipwaji hayuko Kenya. Iulize benki yako swali hili kwa maneno yaliyo wazi: "Nikilipa kwa shilingi kwa mfanyabiashara aliye nje ya nchi, mnaongeza nini?" Ukiuliza tu ada ya kubadilisha fedha, utajibiwa kuhusu ubadilishaji pekee.

Hatua ya 2: Iandae kadi

Hakikisha kadi imeruhusiwa kufanya malipo ya mtandaoni na ya kimataifa, jambo ambalo benki nyingi hukuwezesha kulifanya kwenye programu yao ya simu. Angalia ukomo wa matumizi ya kadi kwa siku. Kisha nenda kwenye `Billing & payments`, bonyeza `Add payment method`, na uwe na simu iliyosajiliwa benki karibu, kwani msimbo wa uthibitisho utatumwa huko. Huenda ukaona kiasi kidogo kimezuiwa kwa muda ili kuthibitisha kwamba kadi ni hai. Hicho hurudishwa, na hakipaswi kuingizwa kwenye vitabu kama gharama.

Hatua ya 3: Elewa kiwango cha kutozwa

Meta haikutozi kila siku kwa mujibu wa bajeti ya siku. Inakukopesha kwanza. Deni la matangazo hukua hadi lifikie kiwango kilichowekwa, kinachoonekana kwa jina `Payment threshold`, na hapo kadi hutozwa. Ikiwa tarehe ya malipo ya mwezi itafika kabla deni halijafikia kiwango hicho, utatozwa lile lililopo. Akaunti mpya huanza na kiwango kidogo, nacho hupanda chenyewe kadiri malipo yanavyofaulu.

Kiwango hiki hakizuii matumizi. Kazi hiyo hufanywa na `Account spending limit`, ambayo unaiweka mwenyewe, na ikifikiwa matangazo husimama. Anayechanganya hivi viwili huamini amejiwekea ukomo, kumbe amejua tu ni lini atadaiwa.

Ukubwa wa kiwango cha kutozwa una athari kwenye ada. Ikiwa benki inatoza asilimia, haijalishi sana kama umetozwa mara moja au mara nne. Ikiwa kuna ada isiyobadilika kwa kila muamala, kila malipo madogo huibeba ada hiyo upya, na wakati huo ni afadhali kiwango kiachwe kiendelee kupanda. Lakini mwenye salio dogo benki ana sababu ya kukitaka kibaki chini, kwa kuwa malipo makubwa yanayokuja ghafla ndiyo yanayokataliwa.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya malipo mamoja

Tuchukue mfano wa duka la mapazia mjini Mombasa. Akaunti yake ya matangazo ni ya dola na kiwango cha kutozwa ni dola 25. Deni linapofika hapo, Meta huongeza VAT ya Kenya ya asilimia 16, ambayo ni dola 4, na kadi hutozwa dola 29. Bajeti ya tangazo haikuwa na kodi ndani yake, na hapa ndipo tofauti ya kwanza inapozaliwa.

Tuseme bei ya Benki Kuu ya Kenya siku hiyo ni shilingi 129 kwa dola. Dola 29 zingekuwa shilingi 3,741. Taarifa ya benki, hata hivyo, inaonyesha zimekatwa shilingi 3,886. Ili kujua benki imekubadilishia kwa bei gani, gawanya kiasi kilichokatwa kwa dola zilizo kwenye risiti, kisha linganisha na bei ya Benki Kuu:

```
3886 / 29 = 134
134 / 129 = 1.039
```

Gharama ya ubadilishaji ni takriban asilimia 3.9, yaani shilingi 145 kwa malipo hayo. Duka hilo likitumia dola 100 kwa mwezi kwa malipo manne ya aina hiyo, shilingi 580 huishia kwenye ubadilishaji. Lau akaunti ingekuwa ya shilingi, gharama ya tangazo ingekuwa 3,225, VAT 516, na jumla ileile ya 3,741. Hata benki ingeongeza asilimia 1 ya muamala wa kimataifa, nyongeza isingefika shilingi 38.

Fanya hesabu hii kwa kiasi cha mwisho, si kile cha ujumbe wa kwanza wa simu. Benki huzuia fedha siku ya muamala, kisha hukata rasmi baada ya siku chache, na bei ya dola inayotumika wakati wa kukata yaweza kutofautiana na ile ya mwanzo. Ujumbe wa simu ukisema 3,860 na taarifa ya benki ikisema 3,886, andika 3,886.

Hatua ya 5: Malipo yakikataliwa

Matangazo husimama na deni hubaki. Kabla ya kufanya lolote, tazama benki: je, ombi la malipo liliwafikia? Kama lilifika na kukataliwa, sababu huwa ni salio, ukomo wa siku au kadi kufungiwa malipo ya kimataifa. Kumbuka kwamba kwa kiwango cha dola 25 hutakiwi kuwa na dola 25 bali dola 29 kwa bei ya benki, na deni huweza kupita kiwango kidogo kabla ya kutozwa. Mwenye duka letu angefanya vyema kuacha shilingi 4,500 kwenye kadi. Kama benki haina alama yoyote ya ombi, tatizo liko upande wa Meta au katika taarifa za kadi ulizojaza.

Rekebisha sababu kwanza, kisha lipa deni kwa mkono. Usijaribu kadi nyingine tatu mfululizo, moja ya shemeji na nyingine ya jirani. Mwenendo huo hufanana na wizi wa kadi, na akaunti inaweza kufungiwa kabisa.

Hatua ya 6: Risiti na kodi

Jaza jina la biashara, anwani na PIN ya KRA kwenye taarifa za biashara mapema, kabla ya kutozwa kwa mara ya kwanza, kwa maana risiti iliyokwisha kutolewa haijirekebishi unapojaza PIN baadaye. PIN ya kampuni huanza na herufi P, ya mtu binafsi na A. Tumia ile iliyosajiliwa kwa biashara inayodai gharama.

Kila mwezi, pakua risiti zote za PDF na uzipatanishe na taarifa ya benki. Kila risiti ya Meta ina namba ya kumbukumbu yenye herufi na tarakimu, na namba hiyohiyo hutokea benki baada ya neno `FACEBK`. Patanisha kwa namba hiyo, wala si kwa kiasi, kwa kuwa malipo manne ya dola 29 hufanana yote. Katika vitabu, gawa makato ya shilingi 3,886 katika sehemu tatu: tangazo 3,225, VAT 516 na gharama ya ubadilishaji 145. Risiti ya Meta inathibitisha sehemu mbili za kwanza; ya tatu inathibitishwa na taarifa ya benki pekee, kwa hiyo ihifadhi pia.

Risiti hii haipiti kwenye eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki. Kanuni za mwaka 2024 zimeziondoa katika sharti hilo huduma za wasio wakazi wasio na ofisi ya kudumu Kenya, kwa hiyo kukosekana kwa alama ya eTIMS peke yake hakukunyimi haki ya kuiweka kama gharama. Kuhusu VAT, aliyesajiliwa kwa kodi hiyo ana miezi sita baada ya kipindi cha kodi kuidai, ila ningemshauri amwonyeshe mhasibu wake risiti yenyewe kabla ya kuiingiza kwenye ritani, akaangalie kama jina, PIN na mstari wa VAT vyote vipo. Pasipo na mstari wa VAT, hakuna VAT ya kudai, na usijikokotolee mwenyewe.

Asiyesajiliwa kwa VAT huihesabu asilimia 16 kama sehemu ya gharama ya tangazo. Na anayelipa kodi ya mauzo, yaani Turnover Tax, ya asilimia 3 hatapunguziwa kodi na risiti hizi hata kidogo, kwa kuwa kodi hiyo hukatwa kwenye mauzo yote bila kuondoa gharama. Kwake yeye, risiti zitamsaidia tu kujua kama pazia moja lililouzwa kupitia tangazo limeacha faida.