Bima ya mahindi kwa mkulima mdogo: piga hesabu ya fidia kabla ya kulipa ada

Malalamiko mengi kuhusu bima ya mazao husikika baada ya mavuno, wakati chanzo chake kilikuwa kwenye karatasi iliyosainiwa kabla ya kupanda. Mwongozo huu ni wa mkulima wa ekari moja hadi tano za mahindi, au kiongozi wa AMCOS anayewakatia wanachama wake bima kwa pamoja. Mfano tutakaoufuata ni wa Tanzania, ambako kampuni za bima ziliunda umoja wa bima ya kilimo, TAIC, mwaka 2023. Mkulima wa Kenya atakuta mambo mengi yanafanana, kwa sababu bima ya mahindi iliyoanza huko mwaka 2016 katika Bungoma, Embu na Nakuru, huku serikali ikichangia nusu ya ada, ilijengwa juu ya kipimo cha mavuno ya eneo, ambacho ndicho tutakachokipigia hesabu kwenye hatua ya 2.

Hatua ya 1: Jua kinachopimwa ni nini

Muulize wakala swali moja: "Msimu ukiharibika, mtapima nini?" Majibu yako matatu.

Akisema mthamini atakuja shambani kwako, hiyo ni bima ya majanga mengi. Kwa shamba dogo haipatikani kirahisi, maana nauli na posho ya mthamini mmoja inaweza kuzidi ada ya ekari yenyewe. Akisema watapima mvua kwa setilaiti, hiyo ni bima ya mvua. Akisema watapima wastani wa mavuno ya kata au kundi la vijiji, hiyo ni bima ya mavuno ya eneo.

Katika hizi mbili za mwisho, shamba lako halitazamwi kabisa. Ukilielewa hilo tangu mwanzo, yanayofuata hayatakushangaza.

Hatua ya 2: Tafuta namba nne kwenye hati

Kwa bima ya mavuno ya eneo, usitie saini kabla hujaziona namba hizi: wastani wa mavuno wa miaka iliyopita katika eneo lako, asilimia ya kinga, thamani ya bima kwa ekari, na ada. Tuseme ni hivi:

- Wastani wa eneo: kilo 1,000 kwa ekari
- Kinga: asilimia 70
- Thamani ya bima: shilingi 300,000 kwa ekari
- Ada: asilimia 7, yaani shilingi 21,000 kwa ekari

Kizingiti ni asilimia 70 ya kilo 1,000, yaani kilo 700. Wastani wa eneo ukishuka chini ya hapo, fidia inaanza. Ukiwa kilo 701, hakuna kitu.

Sasa tuseme ukame umepiga na vipimo vimetoa kilo 490. Pungufu ni kilo 210. Gawa kwa kizingiti, 700, unapata asilimia 30. Asilimia 30 ya shilingi 300,000 ni shilingi 90,000 kwa ekari. Mwenye ekari mbili anapata 180,000.

Jirani yako aliyeambulia kilo 200 tu anapata 90,000 kwa ekari. Yule wa bondeni aliyevuna kilo 800 naye anapata 90,000 ile ile. Na eneo likitoa kilo 720, wewe uliyepoteza shamba zima hupati hata senti. Ndiyo maana jina la eneo lililoandikwa kwenye hati lina uzito kuliko jina la mbegu. Kama shamba lako liko kata ya mlimani lakini hati imetaja kata ya bondeni kwa kuwa ndiko unakoishi, mavuno ya wenzako wa bondeni ndiyo yatakayoamua fidia yako. Sahihisha kabla ya kulipa. Baada ya hapo imekula kwako.

Hatua ya 3: Lipa mapema, kisha hakikisha ada imefika

Dirisha la kuuza bima hufungwa kabla ya mvua za kwanza, au mwanzoni kabisa mwa upandaji. Sababu ni rahisi: mtu akiruhusiwa kusubiri mpaka aone mawingu yamekauka, watakaonunua ni wale tu wanaojua wataumia, na ada itapanda mpaka hakuna atakayeimudu. Kwa hiyo tarehe ya mwisho huwa haisogezwi, hata kama pesa ya korosho au ya mkopo imechelewa.

Kanuni ya jumla ni kwamba bila ada hakuna bima. Kujaza fomu hakukukingi. Kukatwa ada kwenye mkopo wa pembejeo nako hakukukingi mpaka mkopeshaji aipeleke kwa kampuni ya bima, na hapo ndipo mambo huharibika kimya kimya: wanachama wamekatwa, lakini orodha haijatumwa, au imetumwa ikiwa na ekari 2 mahali palipokuwa na 5. Dai vitu viwili: namba ya hati ya bima, na nakala ya orodha yenye jina lako, kata na idadi ya ekari. Hati za Tanzania huhakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya serikali inayosimamia bima:

```
tiramis.tira.go.tz
```

Namba isipoonekana, rudi kwa wakala siku hiyo hiyo, dirisha likiwa bado wazi.

Hatua ya 4: Kama ni bima ya mvua, linganisha tarehe zake na kalenda yako

Bima ya mvua hugawa msimu vipindi: kuota, kukua, kutoa mbelewele na kujaza punje. Kila kipindi kina kizingiti cha milimita, kikomo cha chini ambako fidia ya kipindi hicho hulipwa yote, na kiasi chake cha fedha. Kwa mfano, kipindi cha mbelewele kina kizingiti cha milimita 80, kikomo cha milimita 30 na shilingi 120,000. Setilaiti ikisoma 50, umepungukiwa 30 kati ya tofauti ya 50, yaani asilimia 60. Fidia ni shilingi 72,000.

Tatizo kubwa hapa ni tarehe. Mahindi huumia vibaya zaidi na ukame katika wiki mbili hivi za kutoa mbelewele na nywele. Kama hati inahesabu kipindi hicho kuanzia siku ya 50 baada ya mvua kuanza, na wewe ulichelewa kupanda kwa wiki tatu, mahindi yako yatatoa mbelewele wakati kipimo kimeshapita. Mvua itakuwa imeonekana nzuri kwenye karatasi huku shamba limekauka. Kwa hiyo hesabu siku za mbegu yako tangu kupanda hadi mbelewele, na ulinganishe na hati.

Soma pia kama kuna ukomo wa mvua ya siku moja. Hati nzuri husema kwamba mvua ya siku ikizidi, tuseme, milimita 60, inayozidi haihesabiwi, kwa sababu hukimbia juu ya ardhi bila kuufaa mmea. Hati isiyo na ukomo huo inaweza kuhesabu dhoruba moja ya milimita 90 kama msimu mzuri.

Hatua ya 5: Simamia upimaji wa mavuno

Hatua hii wengi huiacha, nayo ndiyo inayobeba fedha. Katika bima ya mavuno ya eneo, wapimaji huchagua mashamba kwa bahati nasibu, huweka alama kipande chenye vipimo maalumu, huvuna kilichomo, hupukuchua na kupima. Tuseme kipande ni mita 5 kwa 5, yaani mita za mraba 25. Ekari ina mita za mraba 4,047.

Wastani wa vipande vyote ukiwa kilo 4.5 za punje, ekari inakuwa na kilo 728 hivi. Kizingiti chetu ni 700, hivyo hakuna fidia. Lakini punje zile zilipimwa zikiwa mbichi, na unyevu wa asilimia 25. Zikigeuzwa kuwa za asilimia 13.5, ambayo ni hali ya mahindi makavu ya kuhifadhi, hesabu ni 4.5 × 75 ÷ 86.5, sawa na kilo 3.9. Ekari sasa ina kilo 631 hivi, na kila mkulima wa eneo hilo anastahili karibu shilingi 29,500 kwa ekari. Maji yaliyomo kwenye punje yangetosha kuifuta fidia ya kata nzima.

Basi kiongozi wa kikundi awepo siku ya kupima akiwa na mambo matatu ya kuangalia. Mzani urudi sifuri kabla ya kupima. Kipimo cha unyevu kitumike na namba yake iandikwe kwenye fomu. Na kipande kiwe pale pale kilipoangukia, kisisogezwe kwenda kwenye mahindi mazuri kwa vile "hapa pamekaa vibaya." Mwenye shamba lililochaguliwa asivune kipande hicho kabla ya wapimaji, akivuna, sampuli inapotea. Apige simu wakichelewa. Piga picha ya fomu kabla hawajaondoka.

Hatua ya 6: Tenganisha hasara zisizolipwa

Bima ya mvua hailipii viwavijeshi vamizi, mvua ya mawe, upepo wala magonjwa, hata kama vimemaliza shamba. Bima ya mavuno ya eneo inavigusa vyote hivyo, lakini pale tu vilipoenea kiasi cha kushusha wastani. Mvua ya mawe iliyopita kwenye mashamba kumi ya kijiji kimoja haitaonekana kwenye kipimo cha kata.

Kuna hasara ambazo kwa kawaida hazimo katika bima yoyote ya namna hii: wizi, ng'ombe walioingia shambani, mbegu feki, palizi iliyocheleweshwa, bei kuanguka sokoni, na mahindi yaliyooza au kubunguliwa ghalani baada ya kuvunwa. Ya tembo na nguruwe pori usiyapeleke kwa wakala wa bima. Toa taarifa serikali ya kijiji na kwa afisa wanyamapori, kwa sababu kifuta jasho hutolewa na serikali kwa utaratibu wake.

Hatua ya 7: Fuatilia kwa namba

Katika bima ya mvua na ya mavuno ya eneo huhitaji kuwasilisha madai. Fidia hukokotolewa yenyewe na mara nyingi hutumwa kwa simu. Hakikisha namba iliyosajiliwa ni yako na bado inafanya kazi. Kama ulikopa pembejeo, uliza mapema iwapo fidia inaanza kupunguza deni, maana mara nyingi mkopeshaji ndiye mpokeaji wa kwanza.

Usipoona kitu, omba kwa maandishi matokeo ya eneo lako: wastani uliopimwa, idadi ya vipande na unyevu uliotumika. Zilinganishe na picha za fomu zako, kisha upige ile hesabu ya hatua ya 2. Zikitofautiana, andikia kampuni kwanza na utunze nakala. Usiporidhika na jibu, peleka jalada lote kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.