Uwiano wa dhahabu na fedha hausemi nani atasogea

Ukigawa bei ya wakia moja ya dhahabu kwa bei ya wakia moja ya fedha, unapata uwiano. Wengi wakiuona umevuka 80 husema fedha imekuwa rahisi mno, basi wananunua. Machi 2020 ulipita 120, fedha ikiwa karibu dola 12. Agosti mwaka huohuo fedha ilikuwa karibu dola 29 na uwiano umeshuka hadi 70 na ushei. Hiyo ndiyo hadithi inayosimuliwa kila siku. Kisichosimuliwa ni kwamba 80 ilishavukwa tangu 2018, na aliyenunua wakati ule alisubiri karibu miaka miwili, na kufikia Machi 2020 fedha ilikuwa chini kuliko bei aliyonunulia.

Halafu kuna mtego mwingine. Tuseme dhahabu ni dola 1,600 na fedha 20: uwiano ni 80. Dhahabu ikianguka hadi 1,200 na fedha hadi 18, uwiano unakuwa takriban 67. Ulibashiri sawasawa, lakini mfukoni umepoteza asilimia 10.

Kwa hiyo mimi huutumia kuamua nishike kipi kati ya hivyo viwili, si kuamua kama ninunue.