Stetimenti ya mama kwa viza ya mdogo wako: mwambie ofisa wa benki hivi

Mdogo wako wa Tanga kapata chuo Uingereza, nje ya London, na wewe uliye Leicester ndiye mwenye pesa. Wengi hapo hukimbilia kuchapisha stetimenti yao wenyewe. Haitakubalika. Kwa viza ya mwanafunzi, pesa ziwe kwenye akaunti ya mwanafunzi, ya mzazi wake, au ya mlezi wa kisheria (mume au mke naye ana nafasi yake). Kaka na dada hatumo. Kama unamsomesha wewe, pesa zihamie kwa mama au kwa mdogo mwenyewe, na zikae huko. Zikikaa kwa mama, andaa pia cheti cha kuzaliwa cha mdogo wako na barua ya mama ya kuridhia pesa zake zitumike kwa masomo hayo.

Neno "zikae" lina hesabu yake. Kiasi kamili kinachotakiwa lazima kiwepo siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja, na siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepita siku 31 kabla ya kulipia ombi la viza mtandaoni. Siku ya kulipia ndiyo siku ya ombi. Siku ya kupeleka alama za vidole haihesabiwi hapa.

Tuseme ada iliyobaki ya mwaka wa kwanza ni pauni 6,000. Pesa ya kujikimu kwa anayesoma nje ya London, kwa maombi kuanzia Novemba 2025, ni pauni 1,171 kwa mwezi, na inahesabiwa hadi miezi 9: jumla 10,539. Ukijumlisha ada unapata 16,539. Akaunti ya mama ni ya shilingi, na Uingereza hubadilisha kwa kiwango cha siku ya ombi kwenye tovuti ya OANDA. Leo zinatosha, wiki ijayo shilingi imeteleza kidogo na umepungukiwa. Mimi huongeza kama asilimia 5, kwa hiyo hapa ningetuma pauni 17,400 hivi.

Nyongeza hiyo ina kazi nyingine ambayo watu huisahau. Benki hukata ada ya mwezi, makato ya miamala, na hata ada ya kuchapisha hiyo stetimenti yenyewe, kutoka akaunti ileile. Ukiweka kiasi barabara bila ziada, karatasi ya ushahidi inaweza kuwa ndiyo inayokupunguzia ushahidi. Na mama aambiwe mapema asiguse. Mwambie kwa upole, maana akija jirani na shida ya mgonjwa, mama huyo atatoa.

Tuseme pesa zimeingia kwenye akaunti tarehe 3 Juni. Siku hiyo ni ya kwanza, ya 28 ni tarehe 30 Juni. Hapa ndipo sisi tulipojikwaa na mdogo wangu. Mama alikwenda tawini tarehe 27 akaomba "stetimenti ya miezi mitatu", akapewa, ikagongwa muhuri safi kabisa, akanipigia kwa furaha: "Mwanangu, wameshanipa." Nikahesabu kwa vidole: siku 25. Karatasi yenyewe haikuwa na kosa, ila ilikuwa imefungwa mapema. Alirudi tena, akalipia tena.

Kwa hiyo usimtume mama na maneno "ya miezi mitatu" peke yake. Mpe tarehe mbili, ya kuanzia na ya kuishia. Kwa mfano wetu aende tarehe 4 Julai au baadaye kidogo, aombe kuanzia 1 Mei hadi 3 Julai. Siku chache za ziada baada ya ile ya 28 hufunika makosa ya kuhesabu, na ukitumia salio la 3 Julai una hadi 3 Agosti kulipia ombi. Kuanzia Mei kunaonyesha pesa zilivyoingia, na risiti yako ya kutuma inaeleza zilikotoka. Iweke tayari, maana fungu kubwa likitokea ghafla kwenye akaunti ya mama mstaafu, mtu atauliza.

Mama aende mwenyewe na kitambulisho chake cha taifa. Benki haitakupa wewe taarifa zake kwa simu hata ukilia. Aende na karatasi hii mkononi, ampe ofisa wa huduma kwa wateja:

"Naomba stetimenti ya akaunti yangu, kuanzia 1 Mei hadi 3 Julai, kwa ajili ya viza. Ioneshe jina langu kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya akaunti, jina na nembo ya benki, tarehe ya kuchapishwa, sarafu, na salio baada ya kila muamala. Naomba kila ukurasa ugongwe muhuri wa tawi wenye tarehe na usainiwe. Naomba pia barua ya benki inayothibitisha akaunti ni yangu, yenye jina na cheo cha aliyesaini, simu ya tawi na baruapepe ya kikazi."

Hilo la salio baada ya kila muamala ndilo la kusisitiza. Barua inayosema "leo ana kiasi hiki" haithibitishi siku 28, hata ikigongwa mihuri saba. Anayepitia ombi anataka kuona mstari kwa mstari kwamba salio halikushuka. Barua ni msaidizi wa stetimenti, haichukui nafasi yake. Simu na baruapepe zimo kwa sababu maofisa wa viza wanaweza kuiuliza benki kama karatasi ni yao, na namba isiyopokelewa huleta mashaka yasiyo na sababu.

Kabla mama hajaondoka kaunta, asome jina. Benki inaweza kuwa imeandika herufi moja ya jina la katikati, au Zainabu akawa Zainab. Liwe sawa na lililo kwenye cheti cha kuzaliwa cha mdogo wako, kwa kuwa cheti hicho ndicho kinachowaunganisha. Likitofautiana, aombe barua ile itaje majina yote mawili kuwa ni ya mteja mmoja. Atazame na muhuri umekaa wapi. Nimewahi kuona umegongwa juu ya salio la mwisho, wino umejaa, tarakimu hazisomeki. Ugongwe pembeni, kwenye nafasi tupu.

Kama stetimenti imetoka kwa Kiswahili, itahitaji tafsiri kamili ya Kiingereza. Uliza kama mfumo wao unaweza kuitoa kwa Kiingereza moja kwa moja, uokoe gharama ya mtafsiri.

Halafu skani, kwa rangi, kurasa zote pamoja na ile ya mwisho yenye mistari miwili tu. Ukurasa ulioandikwa "4 kati ya 5" bila wa tano huonekana kama umefichwa. Picha ya simu iliyokatwa ukingo hupoteza nusu ya muhuri, kwa hiyo mama asipige mwenyewe sebuleni usiku. Apeleke steshenari, aombe faili moja la PDF, na karatasi zenyewe azihifadhi kwenye bahasha hadi viza itoke.