Kupanga miadi zahanati yenye tabibu mmoja: msimsahau anayerudi na majibu

Mwezi uliopita nilikaa siku tatu na dada wa mapokezi wa zahanati moja jirani. Tabibu ni mmoja, miadi waliyoandika ni ya kila robo saa, na ikifika saa 5 mwenye miadi ya saa 3 bado yuko kwenye benchi. Kosa lao nililijua, maana na mimi nilishalifanya.

1. Pima kwanza. Kwa wiki mbili andika saa ambayo kila mgonjwa anaingia kwa tabibu na saa anayotoka. Kaunta buku na penseli vinatosha. Programu za miadi mnazouziwa ziacheni kwanza. Umeme ukikatika, penseli inaendelea kuandika.

2. Hesabu milango, siyo vichwa. Hapa ndipo nilipoteza karibu mwezi mzima. Mgonjwa mwenye homa anaingia, anaandikiwa kipimo, anakwenda maabara, kisha anarudi na majibu. Huyo ameingia mara mbili, lakini daftari langu lilimwandika mara moja. Kipimo cha haraka cha malaria husomwa baada ya dakika 15 hadi 20 kulingana na aina yake, kwa hiyo wa saa 2:10 anarudi mlangoni saa 2:40 hivi, wakati huohuo mwenye miadi anaitwa. Hapo nani aingie? Kila siku ugomvi.

Hesabu yangu ya siku ya kawaida ilikuwa hivi. Kazi inaanza saa 2:00 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri, toa nusu saa ya chakula, zinabaki dakika 390. Wenye miadi ya presha na kisukari 10 kwa dakika 8 ni dakika 80. Waliokuja bila miadi 15 kwa dakika 9 ni 135. Wa kushonwa au kutumbuliwa jipu wawili kwa dakika 25 ni 50. Jumla 265. Nikaona nina dakika 125 za bure, nikaongeza miadi. Kumbe kati ya wale 15, kumi walikuwa wanarudi na majibu, dakika 5 kila mmoja. Hizo ni 50 ambazo sikuziandika popote. Ziada halisi ni dakika 75, na dharura nazo zinakula humohumo.

Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona: asubuhi mnaanza vizuri, halafu foleni inavimba kuanzia saa 3 ingawa hakuna mgonjwa mzito aliyeingia. Mkiona hivyo msimlaumu tabibu kwamba ni mzito. Nendeni mkawahesabu walioshika karatasi za maabara.

Tahadhari mbili. Msiwatie wenye majibu kati ya kila mgonjwa na mwingine. Wakusanyeni wawili wawili. Na kama maabara inatoa majibu kwa mafungu, mpangieni tabibu kwa muda wa fungu, siyo kwa muda wa kipimo kimoja.

3. Chora visanduku vya dakika 10. Mwenye miadi kimoja, asiye na miadi kimoja, wenye majibu wawili kimoja, wa kushonwa vitatu. Kwa siku ile ni 10, 15, 5 na 6, jumla 36 kati ya 39. Vitatu vinavyobaki viacheni vitupu: saa 3:50, saa 5:50 na saa 8:10. Ukifika wakati wake na hakuna dharura, ingizeni mwenye majibu. Msikiuze mapema hata kwa shemeji yake mwenye zahanati.

Wasio na miadi hujaa asubuhi, kwa hiyo miadi mingi iwekeni kuanzia saa 5. Isipokuwa wa kisukari wanaopimwa sukari kabla ya kula: hao ni saa 2:00 kamili. Bibi aliyelala bila kula hamwezi kumwambia aje saa 6.

4. Dharura. Anayeamua ni nesi aliyeko mlangoni, siyo mapokezi. Degedege, kuhema kwa shida, kupoteza fahamu, damu isiyokatika: anaingia, basi. Ikizidi dakika 20, ahirisheni jipu, na mtoke mkawaambie walioko kwenye benchi, "Mama zangu, kuna mgonjwa mahututi, tumechelewa nusu saa." Mkinyamaza, watakuja kugonga mlango.

5. Tarehe ya kurudi. Dawa za siku 30, miadi siku ya 28, ili asikose dozi akichelewa. Ila siku 28 humrudisha siku ileile ya wiki. Wa Jumatatu atakuja Jumatatu daima, na Jumatatu ndiyo siku wanakuja wote walioumwa tangu Jumamosi. Huyo mpe 29 mara moja tu, ahamie Jumanne, kisha endelea na 28.