Somo: Katuni ya "Salama na Mtungi wa Bibi", prompti za kila onyesho

Swali la "mbona mhusika wangu anabadilika sura kila picha" nimelijibu mara nyingi mno, kwa hiyo naweka hapa kazi nzima ya kuchora katuni kwa akili bandia, pamoja na prompti, yaani maelezo unayokiandikia chombo. Someni mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

Hatua ya 1. Hadithi iwe fupi. Salama anavunja mtungi wa bibi, mbuzi anasingiziwa, Salama anasema ukweli.

Hatua ya 2. Chagua umbo la picha: 16:9 kwa YouTube, 9:16 kwa TikTok.

Hatua ya 3. Kitambulisho cha mhusika. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Vyombo vingi vya kuchora huichukua kila prompti kama kazi mpya, havijui picha iliyotangulia. Andika sura na mavazi ya mhusika mara moja, kisha yabandike neno kwa neno katika kila prompti. Usiandike "yule msichana". Usigeuze "gauni la njano" likawa "nguo ya njano", maana hapo umeshafungua mlango wa sketi na blauzi. Mwanga usiuweke humu, kwa sababu hubadilika kila onyesho.

SALAMA: msichana wa miaka 7, ngozi ya kahawia iliyokolea, mabutu mawili, gauni la njano lenye mfuko mmoja mkubwa mbele, miguu peku, katuni ya pande tatu.

BIBI: mwanamke mzee mwembamba, mvi fupi, amejifunga kitambaa chekundu chenye pindo jeusi, katuni ya pande tatu.

Hatua ya 4. Prompti. Uaminifu wenyewe hauchoreki. Ukiandika "Salama anajisikia vibaya moyoni" utaletewa mtoto anayelia tu, na hadithi imepotea. Andika kile jicho linachoona: mikono iko wapi, kitu kiko wapi. Hapa uongo umebebwa na kigae kimoja, kinachoingia mfukoni onyesho la 2 na kutoka onyesho la 5. Penye mabano, bandika kitambulisho kizima.

1. [SALAMA] anapiga mpira wa makaratasi uani chini ya mwembe. Nyuma yake mtungi mzima wa udongo. Mbuzi mweupe mwenye sikio moja jeusi anakula majani. Asubuhi, picha ya mbali.

2. [SALAMA] amechuchumaa kando ya vigae vya mtungi, maji yametapakaa. Mkono wa kulia unaingiza kigae mfukoni, macho yanatazama mlangoni. Picha ya karibu.

3. [BIBI] mlangoni, anamnyooshea kidole mbuzi mweupe mwenye sikio moja jeusi. [SALAMA] pembeni, kichwa chini, kiganja kimefunika mfuko.

4. Jioni. Mbuzi yuleyule (rudia maelezo yake) amefungwa kamba fupi mwembeni, majani yako mbali naye. [SALAMA] dirishani anamtazama, sahani ya chakula imejaa mbele yake.

5. Usiku, mwanga wa taa. [BIBI] ameketi mkekani. [SALAMA] amepiga magoti mbele yake, kichwa chini, viganja vyote viwili wazi, kigae juu ya viganja.

6. Asubuhi. [SALAMA] anafungua kamba ya mbuzi mweupe mwenye sikio moja jeusi, [BIBI] ameshika majani mabichi.

Hatua ya 5. Kuipa picha mwendo: tendo moja kwa klipu. Ukitaka achuchumae, aokote, afiche na ageuke kwa mkupuo, vidole vitayeyuka.

Hatua ya 6. Rekodi sauti, unganisha.

Maswali

Kijana Katuni: Mkuu, Salama wangu onyesho la 3 ana gauni la bluu. Chombo kibovu?

Mwandishi: Hukubandika kitambulisho. Hatua ya 3.

Kijana Katuni: Nilibandika ila nilifupisha.

Mwandishi: Basi hukubandika.

Ticha wa Awali: Samahani mwalimu, kwenye la 3 na la 5 mtoto ameinamisha kichwa. Watoto wataona tofauti?

Mwandishi: Swali zuri sana, ticha. Mtoto wetu huinama mbele ya mkubwa kwa heshima, hata akiwa hana kosa, kwa hiyo macho hayawezi kubeba uongo peke yake. Ndiyo maana nimeupeleka mikononi: la 3 kiganja kimefunika, la 5 viganja viko wazi. Ukionyesha darasani, simamisha picha ya 3 na uwaulize watoto kilichomo mfukoni. Pia onyesho la 4 lisiwe na maneno. Waache wamtazame mbuzi asiyefikia majani.

Mama Asha: Nimeandika bibi amevaa kanga, nimechorewa ndege begani!

Mwandishi: Ndiyo maana nimeandika kitambaa na pindo, dada. Na jina la kanga usiliombe kwenye prompti, herufi mara nyingi hutoka zimevurugika. Liongeze wakati wa kuhariri.

Ticha wa Awali: Nyongeza: nilipoandika "mtungi usiwe mzima" nililetewa mzima. Nilipoandika "vigae vitano vya udongo chini" ikakubali.

Mwandishi: Hiyo ni kweli, asante. Taja kilichopo, usitaje kisichotakiwa.