Skrinshoti haionekani kwenye Pictures? Angalia inapelekwa wapi

Wiki iliyopita, hapa Mwanjelwa, dada mmoja karani wa mnunuzi wa parachichi alikuja na laptopu ya Windows 11. Kila malipo ya mkulima huyapiga skrinshoti kama ushahidi. "Kaka, tangu juzi nabonyeza Windows + PrtScn, picha siioni."

Kwanza tulibonyeza, tukafungua Paint, tukapiga Ctrl + V. Picha ikatokea. Kwa hiyo kunasa kunafanya kazi. Tatizo ni kuhifadhi.

Hatua ya 1. Fungua This PC, tazama diski C. Mstari wake ukiwa mwekundu, nafasi inakaribia kuisha. Yake ilikuwa na GB 11 wazi. Nikamuuliza nafasi hiyo ameipataje. Akasema diski ilijaa kabisa, ndugu yake akaondoa OneDrive na kufuta folda yake yote. Hapo nikajua pa kutafuta.

Hatua ya 2. OneDrive ikiwekwa kutunza nakala ya Pictures, huihamishia folda hiyo ndani ya folda yake. Ukiifuta, Windows inaweza kubaki na anwani ya zamani. Fungua Command Prompt, andika:

```
reg query "HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\User Shell Folders" | findstr /i OneDrive
```

Ikija mistari yenye `My Pictures` na njia ya OneDrive, umeshampata mchawi. Isipokuja kitu, anwani haielekei huko. Rudi kwenye nafasi ya diski.

Hatua ya 3. Rudisha folda iliyokosekana kwa muda, kwenye njia ileile uliyoiona. Kwake ilikuwa hivi:

```
mkdir "%USERPROFILE%\OneDrive\Pictures\Screenshots"
```

Sasa bofya kulia Pictures, ingia Properties, kisha Location, bonyeza Restore Default, halafu OK. Windows ikikuuliza kuhamisha faili, kubali. Fanya vivyo hivyo kwa Screenshots kama bado inaonyesha OneDrive. Piga skrinshoti nyingine. Yake ilitua `Pictures\Screenshots` papo hapo.

Kama OneDrive bado unaitumia, zima kwanza Manage backup kwenye mipangilio yake, la sivyo itakukatalia kuhamisha.

Sasa lile la diski kujaa. Tafadhali usifute faili ndani ya folda ya OneDrive ili kupata nafasi: OneDrive ikiwa inafanya kazi, ukifuta hapo inafuta na kule mtandaoni. Bofya kulia folda, chagua Free up space. Faili zinabaki mtandaoni, kwenye mashine inabaki alama ya wingu. Subiri kwanza alama ya kijani. Yenye mishale inayozunguka bado inapanda, na kwa bando la simu inaweza kuchukua saa nyingi. Tazama pia kama akaunti yenyewe haijajaa, kwani ya bure ina GB 5 tu, na ikijaa picha mpya hazipandi.

Picha za malipo za siku zile mbili hatukuzipata. Alilazimika kuyapiga upya malipo yale, moja moja, kutoka kwenye taarifa ya benki.