Jinsi ya kusoma stetimenti ya NSSF na kugundua miezi ambayo mwajiri hakulipa

Watu wengi wakipata stetimenti hukimbilia jumla iliyoandikwa chini. Wakiona ni milioni kadhaa, wanaikunja na kuiweka. Jumla haikuonyeshi mwezi uliorukwa, na mafao mengi ya NSSF huanza kwa kuhesabu miezi kabla hata ya kufika kwenye fedha. Pensheni ya uzee inataka miezi 180. Fao la kukosa ajira, kwa mwenye taaluma aliyepunguzwa kazi, linataka angalau miezi 18 ndipo alipwe asilimia 33.3 ya mshahara wake kila mwezi kwa miezi sita. Ukipungukiwa mwezi mmoja, hesabu yako inabadilika kabisa.

Kuipata stetimenti si kazi. Ingia kwenye mfumo wa wanachama mtandaoni, au nenda ofisi ya NSSF iliyo karibu nawe, Ilala, Temeke au Kinondoni, ukiwa na namba ya uanachama na kitambulisho. Omba iliyochanganuliwa mwezi kwa mwezi. Ukipewa karatasi yenye salio tu, irudishe uombe nyingine, kwa sababu salio pekee halitakusaidia kwa hatua zinazofuata.

Ukishaipata, tafuta vitu viwili usivichanganye: mwezi wa mchango na tarehe ya malipo. Mwezi wa mchango ni ule uliofanya kazi. Tarehe ya malipo ni siku ambayo fedha ziliingia. Mwajiri ana mwezi mmoja baada ya mwezi wa kazi kwisha, kwa hiyo mchango wa Juni uliolipwa tarehe 28 Julai haujachelewa. Vilevile, ukichukua stetimenti tarehe 10 Juni usishtuke kuukosa wa Mei, maana mwajiri bado yuko ndani ya muda. Wa Aprili ndio wa kuulizia.

Nitaeleza kwa mfano wa dada tuliyefanya naye kazi idara ya hesabu katika kiwanda kimoja eneo la Chang'ombe. Mshahara wake ghafi ulikuwa 600,000. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara ghafi, na kwetu yeye alikatwa 60,000, mwajiri akitakiwa kuongeza 60,000. Kila mwezi basi ulipaswa kusomeka 120,000. Alianza Machi 2022, akapunguzwa kazi mwisho wa Oktoba 2023. Hiyo ni miezi 20.

Tulichukua karatasi ya kawaida tukaandika miezi yote 20 kutoka juu hadi chini, hata kabla ya kuitazama stetimenti. Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka. Ukisoma stetimenti peke yake, jicho linapita kutoka Juni hadi Septemba bila kuona kitu, kwa sababu mwezi ambao haukulipwa hauachiwi nafasi. Ukiwa na orodha yako mwenyewe, unatia alama kila mwezi unaouona, na pengo linajitokeza lenyewe. Pembeni ya kila mwezi tukaandika kiasi alichokatwa kwenye salari slipu.

Miezi minne haikuwa na alama: Julai na Agosti 2022, kisha Machi na Aprili 2023. Alibaki na miezi 16, chini ya ile 18.

Kabla ya kwenda kudai miezi minne, tukafanya hesabu ya pili. Miezi 20 mara 120,000 ni 2,400,000. Stetimenti ilikuwa na michango ya 2,040,000. Tofauti ni 360,000, yaani miezi mitatu, wakati mapengo ni manne. Namba hizi mbili zisipolingana, ujue kuna mchango uliolipwa lakini umekaa pasipo pake. Tukapitia safu ya kiasi tukakuta Septemba 2022 ina 240,000. Fedha za Agosti zilikuwepo, ila mwajiri alipoandaa malipo aliziweka chini ya Septemba.

Tofautisha mambo haya mapema, kwa sababu dawa zake si moja. Mchango uliokaa mwezi usio wake unahitaji barua ya mwajiri ya kuomba marekebisho, pamoja na orodha ya wafanyakazi iliyoambatana na malipo yale. Mwezi ambao haukulipwa unahitaji fedha. Na ukikuta kila mwezi upo lakini unasoma, tuseme, 90,000 badala ya 120,000, basi mwajiri alitangaza mshahara wa 450,000. Pengo halipo kwenye miezi, lipo kwenye kiwango, na salari slipu ndiyo itakayoonyesha ukweli.

Kuna jambo lililotaka kutupoteza. Novemba na Desemba 2022 pamoja na Januari 2023 zote zilikuwa na tarehe moja ya malipo, katikati ya Mei 2023. Kwa kuangalia tarehe ungedhani mchango wa Mei umelipwa mara tatu. Hapana, hayo ni malimbikizo, na miezi hiyo inahesabika kwa majina yake. Lakini kundi la namna hiyo ni dalili ya kuchunguza. Mwajiri anayelipa malimbikizo mara nyingi hufukia madeni ya nyuma huku ya karibu yakiachwa, na kweli, Machi na Aprili 2023 ndiyo iliyoachwa.

Sasa nenda kwa mwajiri, kwa barua, ukitaja miezi kwa majina. Usiandike "baadhi ya michango yangu haionekani". Andika "Julai 2022, Machi 2023 na Aprili 2023 nilikatwa 60,000 kila mwezi na haipo kwenye taarifa". Omba akuonyeshe kontroo namba, risiti na orodha ya wafanyakazi ya kila mwezi huo. Sisi tulijibiwa kwamba mfumo unachelewa kusoma. Mwajiri aliyelipa ana risiti, na risiti ina tarehe. Asipoitoa, usikae ukisubiri mfumo. Baki na nakala ya barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Kisha nenda ofisi ya NSSF inayomhudumia mwajiri wako, umwone afisa matekelezo. Dirisha la mafao si mahali pake. Mpe stetimenti, orodha yako ya miezi, nakala za mkataba, za salari slipu za miezi iliyokosekana na ile barua. Taarifa ya benki ibebe pia, lakini ujue mpaka wake: inaonyesha fedha zilizokufikia mkononi, haionyeshi makato. Salari slipu ndiyo inayothibitisha kwamba ulikatwa, na kumkata mfanyakazi bila kuwasilisha ni kosa la mwajiri linaloweza kumfikisha mahakamani. Kama slipu hutolewa kwa barua pepe ya ofisi, zihifadhi kwako ungali kazini, maana siku ukiondoka barua pepe hiyo hufungwa.

Yule dada hakujaza fomu ya fao mpaka alipochukua stetimenti mpya. Mwajiri alikuwa amemwambia ameshalipa yote, na risiti alimpa. Agosti 2022 ilikuwa imerudi mahali pake, Septemba ikawa 120,000, Julai na Machi zilikuwepo, lakini Aprili 2023 bado. Jina lake halikuwemo kwenye orodha ya mwezi huo. Ilibidi mwajiri aitume upya, na ndipo mistari ikatimia 20.